Kukagua tafsiri ya mashine: anzia kwenye kitenzi

«Kikagua tahajia hakijaona kosa, je, bado nikague ngeli?»

Ndiyo, kwa sababu kikagua tahajia hupima neno mojamoja, ilhali kosa la ngeli hukaa baina ya maneno. Katika «Orodha ya vitabu vilivyonunuliwa vimepotea» kila neno ni sahihi, lakini kilichopotea ni orodha, hivyo iwe «imepotea». Mashine imevutwa na «vitabu» vilivyo karibu. Mimi huanzia kwenye kitenzi, nikarudi nyuma hadi nomino inayokitawala. Kisha husoma tafsiri peke yake, maana «Chukua dawa mara mbili kwa siku» ni Kiswahili safi, ila mgonjwa anaambiwa akaichukue, si aimeze. «Rafiki zangu» au «marafiki wangu»? Hapo hata wahariri hubishana.