Malighafi imetangazwa kuondolewa sokoni: utajuaje iliingia kwenye bidhaa zipi?

Swali: "Wakuu, tunatengeneza biskuti za krimu. Msambazaji ametuma barua kuwa unga wa maziwa wa bechi fulani umekutwa na vimelea vya salmonela. Mifuko iliyobaki tunayo, lakini mingine tulishaitumia. Tunaanzia wapi?"

Mkuu, anza na mifuko iliyobaki. Itenge, ibandike karatasi ya USITUMIE, na usiitupe, kwa sababu utaihitaji kwenye hesabu. Namba ya bechi isome kwenye mfuko wenyewe. Hati ya kupokelea mzigo mara nyingi huandikwa namba ya mfuko mmoja tu, kumbe gari lilileta bechi mbili.

Kisha linganisha kilichoingia na kilichotoka. Tuseme mlipokea mifuko 8 ya kilo 25, yaani kilo 200. Stoo imebaki mifuko 3, kilo 75. Karatasi za uzalishaji zinaonyesha kilo 118 zimetumika. Jumla ni 193. Hizo kilo 7 ndizo za kutafuta, na kuandika tu "zilimwagika" bila ushahidi ni kujidanganya.

Mara nyingi zimo kwenye pipa la kupimia. Mfanyakazi anaona unga umebaki chini, anamimina mfuko wa bechi mpya juu yake, na karatasini anaandika bechi mpya peke yake. Pipa likianza kuchanganywa Jumanne na kuoshwa Jumamosi, basi kila kilichotengenezwa kwa unga wa pipa hilo kati ya siku hizo kimo, hata kama karatasi inataja bechi salama. Ndiyo maana pipa lisijazwe kabla ya kuisha na kusafishwa. Msipoweza kuonyesha lilioshwa lini, hamna pa kuchora mstari.

Sehemu ya pili inayosahaulika ni biskuti zilizovunjika zinazosagwa na kurudishwa kwenye unga wa kesho yake. Zikirudi bila kuandikwa zilitoka bechi gani, tatizo linaruka siku.

Mtu atasema tanuri limeshaua vimelea. Biskuti labda, krimu hapana: inapakwa baada ya kuoka na haipiti motoni tena. Isitoshe, salmonela huvumilia joto zaidi ndani ya chakula kikavu chenye mafuta, kwa hiyo msitegemee tanuri msilolipima kwa kazi hiyo.

Mkishapata tarehe na namba za bidhaa, toeni orodha ya wateja: nani alichukua katoni ngapi, lini. Pigeni simu kwanza, maandishi yafuate, na muwaambie waziondoe rafuni lakini wabaki nazo hapohapo dukani. Mamlaka ya chakula ijulishwe siku hiyohiyo, msisubiri hesabu ikamilike. Ombeni kila mteja ajibu idadi aliyonayo na aliyokwisha kuuza. Asiyejibu mhesabuni kuwa bado anauza. Na zikirudi, zisipite mlango wa malighafi.