Hotuba ya mwenyekiti: kuwashawishi wanakikundi wachague mradi mmoja

Swali: Kikundi chetu kina vijana 15, tuko Morogoro, na akiba yetu ni shilingi 1,500,000. Wengine wanataka pikipiki ya bodaboda, wengine viti vya kukodisha, na mimi mwenyekiti naamini kuku wa nyama. Jumamosi nitazungumza nao. Nianzie wapi ili tutoke na mradi mmoja?

Jibu: Mwenyekiti, usianze na kuku. Ukianza nao, wa bodaboda watakusikiliza kwa nia ya kukupinga tu. Anza na fedha iliyo mezani: "Ndugu zangu, tuna milioni moja na nusu. Tukiigawa mara tatu, kila mradi unapata laki tano, na laki tano hainunui pikipiki." Hapo kila mmoja anaona mwenyewe kwamba lazima tuchague, hata kabla hujataja unachokipenda.

Kisha zitendee haki hoja za wenzako. Sema wazi kwamba pikipiki huingiza fedha kila siku, na kwamba viti havifi kwa ugonjwa. Mtu akisikia hoja yake ikisemwa vizuri na mwenyekiti, hana sababu ya kuirudia kwa hasira.

Ndipo uandike hesabu ubaoni, kwa bei ulizoziulizia wewe mwenyewe mjini. Tuseme ni vifaranga 150 kwa 1,700 kila kimoja: 255,000. Kuku mmoja hula kama kilo tatu na nusu hadi wiki ya tano, kwa hiyo mifuko 11 ya kilo 50, kwa 75,000, ni 825,000. Chanjo za kideri na gumboro, mkaa na maranda weka 120,000. Jumla 1,200,000, na banda mnalo la kuazima. Laki tatu zinazobaki ni akiba, zisiguswe.

Sasa sema hasara, maana hapa ndipo viongozi wengi hupita haraka. Wakifa wanane, mtauza 142. Kwa 9,500 mnapata 1,349,000, faida 149,000. Bei ikishuka chini ya 8,450 hivi, mnakula mtaji. Itamke namba hiyo kwa sauti. Faida yenyewe ni ndogo, na ukiificha wataigundua siku ya mauzo, kisha hotuba yako ijayo haitasikilizwa.

Usiombe waamue maisha yote ya kikundi. Omba mzunguko mmoja tu: "Tufuge mara moja, tuuze, tukae tuhesabu, kisha tuamue kuendelea au kubadili." Aliyetaka viti ataweza kukubali hilo bila kujiona ameshindwa.

Ukimaliza, usiulize "Tumekubaliana?" Watapiga makofi, na wasioridhika watanyamaza, halafu utawaona wanachelewesha michango na kukosa zamu za banda. Toa nafasi ya maswali, kisha kura ya siri kwa karatasi. Katibu aandike matokeo kwenye muhtasari, pamoja na majina ya wenye zamu ya wiki ya kwanza, wakati vifaranga vinahitaji joto usiku kucha.