Barua kwa mwanangu: andika ulichomkabidhi

"Shikamoo mama. Yule binti wa dukani anaondoka mwisho wa mwezi. Amepata kazi kwenye duka la jumla Arusha, na ameniomba barua ya mapendekezo. Amekaa nami miaka minne, hajanipotezea hata shilingi, na kazi anaiweza. Nimeandika 'ni mwaminifu na mchapakazi' nikakwama. Niongeze nini?"

Marahaba mwanangu. Hayo maneno mawili yaweke pembeni kwanza. Mwenye duka wa Arusha ameshayasoma kwenye barua nyingi, zikiwemo za watu waliomwibia.

Niliwahi kumwandikia msaidizi wangu barua ya namna hiyo, mistari minne: mwaminifu, mchapakazi, mcha Mungu, ana nidhamu. Wiki ile ile mwajiri wake mpya akanipigia simu na kuniuliza swali moja tu: "Amewahi kubaki na funguo?" Nikamwambia nilipolazwa, alikaa na funguo zangu miezi mitatu. Alikuwa akifungua, akifunga, na kupeleka fedha benki mwenyewe. Yule bwana akasema, "Hilo ndilo ulipaswa kuandika." Mpaka leo naumia kwamba kijana wa watu angeweza kuikosa kazi kwa sababu mimi nilijaza karatasi sifa, nikaacha ushahidi.

Kwa hiyo jiulize: ulimkabidhi nini, na ulijuaje kwamba hakukiharibu? Asiyewahi kugusa droo ya fedha huwezi kusema ni mwaminifu wa fedha. Huyu wako aliigusa. Mwezi ule wa Ramadhani niliokaa kwako nilimwona kila jioni akizihesabu noti mbele yako, kisha anaandika kiasi kwenye daftari kabla hujamuuliza. Hata siku zilizopungua mia tano aliandika pungufu mia tano. Hakujazia mfukoni kwake ili hesabu ipendeze, na kwangu hilo ni kubwa kuliko hesabu inayokaa sawa kila siku.

Kuna jambo jingine nililiona kwa macho yangu, huenda wewe umelizoea. Lile gunia la sukari la kilo 50 mnalipima robo robo, maana yake mizani inapanda na kushuka mara 200. Kila robo ikizidi gramu tano tu, kilo nzima imekwenda. Ndiyo maana hakuna gunia linalotoa kilo 50 kamili likiuzwa kwa robo. Msaidizi akikuletea 50 kila mara, mchunguze, huenda anawapunja wateja. Akikuletea 47, ama mkono wake mzito ama kuna inayotoka kwa mlango wa nyuma. Binti huyu siku ile alitoa 49 na robo, akakwambia hivyo hivyo. Nilimwangalia anavyosubiri mshale utulie kabla hajafunga mfuko, na foleni imemjaa mbele. Mwenye duka la jumla akisoma habari hiyo atajua mara moja ni mtu wa aina gani.

Na lile daftari la madeni usilisahau. Huko ndiko wasaidizi wengi wanakoangukia: mteja analipa, fedha inaingia mfukoni, deni linabaki kwenye daftari, na wewe unakuja kugombana na jirani yako aliyelipa. Binti alikuwa anakata deni mteja akiwa bado amesimama pale, anaandika tarehe, halafu anamgeuzia daftari aone. Kama katika miaka yote minne hakuna mteja aliyekujia na malalamiko ya "mbona nilishalipa", liandike.

Juu ya uchapakazi, sentensi mbili zinatosha. Sema alifungua duka saa ngapi, na kwamba mzigo wa zamani aliuvuta mbele na mpya akauweka nyuma bila kukumbushwa. Usiandike "anafanya kazi usiku na mchana", hakuna anayeamini.

Sasa neno moja la kulikwepa: usiandike "namdhamini". Watu wanalitumia kwenye wasifu wa kazi kwa maana ya mtu wa kuulizwa habari zako, lakini kwa mwenye duka mdhamini ni yule anayelipa mzigo ukipotea. Usiandike pia "nitawajibika kwa lolote". Wewe unashuhudia miaka aliyokaa kwako. Ya Arusha yatakuwa kati yake na tajiri wake mpya.

Nimekuandalia hii, irekebishe kwa unayoyajua wewe:

"Kwa anayehusika,

YAH: MAPENDEKEZO KUHUSU (majina yake matatu)

Aliyetajwa hapo juu alikuwa msaidizi katika duka langu la vyakula hapa Korogwe kuanzia (tarehe) hadi (tarehe). Anaondoka kwa hiari yake, baada ya kunipa taarifa.

Kazi zake zilikuwa kuuza, kupima bidhaa, kupokea mzigo na kutunza daftari la madeni. Tangu mwaka wa pili nilimwachia funguo na droo ya fedha kila nilipokwenda kununua mzigo. Hesabu zilifungwa kila jioni kwa maandishi, na palipokuwa na upungufu aliuandika mwenyewe. Kwenye gunia la sukari la kilo 50 linalouzwa kwa robo, upungufu wake haukuzidi kilo moja. Sijapata mteja aliyelalamika kupunjwa naye, wala aliyedaiwa deni aliloshalipa.

Alifungua duka saa kumi na mbili asubuhi. Kupanga mzigo na kukagua tarehe za mwisho wa matumizi alifanya bila kusukumwa.

Kama ningekuwa na nafasi ya kumrudisha, ningemrudisha. Kwa swali lolote nipigie kwa namba iliyo hapo chini."

Hiyo sentensi ya kumrudisha iandike tu kama ni kweli moyoni mwako, kwa kuwa ndiyo watakayokuuliza kwenye simu. Na simu ipokee hata kama namba huijui, maana barua ambayo mwandishi wake hapatikani inatiliwa shaka. Tarehe zilingane na atakazosema yeye, kaa naye mzihakikishe. Kisha weka sahihi, piga mhuri wa duka, na utoe nakala mbili: moja yake, moja ibaki kwenye faili lako. Ukiulizwa mwakani usianze kubahatisha.

Mwisho, usichanganye barua hii na cheti cha utumishi. Barua unaitoa kwa hisani. Cheti ni haki yake: kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anapomaliza kazi, pamoja na malipo yake anayodai. Kwa hiyo siku ya mwisho mpigie hesabu ya mshahara na siku za likizo ambazo hakuchukua, umkabidhi vyote kwa pamoja. Asije akapanda basi la Arusha huku anakudai.

Ukishaiandika nisomee kwenye simu kabla hujapiga mhuri. Na mwambie binti apite hapa Tanga aniage kabla hajasafiri, nina kanga nimemwekea.

Mama yako.