Saini kwenye jalada la Legend

"Nimepata santuri ya Legend ya Bob Marley, jalada lina saini ya kalamu nene. Naona J au B, kisha Mar..., mwisho umeburuzwa tu. Ni ya Bob?"

Mkuu, Bob hawezi kuwa. Legend ilitoka 1984, naye alifariki Mei 1981. Muuzaji akikuapia vinginevyo, mwache na kiapo chake.

Sasa jiulize nani wa The Wailers, bendi ya Bob, ana jina linaloanza hivyo. Junior Marvin, mpiga gitaa wao, ndiye wa kwanza kunijia. Tazama kinachofuata baada ya "Mar". Marley ina l inayopanda juu na y inayoteremsha mkia chini ya mstari. Marvin haina kati ya hivyo, ila ina nukta ya i, na mtu anayeandika mbio huirusha mbali kidogo, hata juu ya n. Ukiona mkia, fikiria Rita, mke wa Bob, au Ziggy, mwanawe, na herufi ya kwanza itazame upya.

Kisha linganisha na saini za huyo unayemdhania, za miaka tofauti, siyo moja. Na ulaze jalada kwenye mwanga wa pembeni: wino wa kalamu hung'aa tofauti na uliochapwa.