Kujilipa mshahara kwa mapato ya video yasiyotabirika

"Ninatengeneza video za hoteli na mapishi hapa Nyali. Miezi sita iliyopita nimepata shilingi 40,000, 95,000, 30,000, 120,000, 35,000 na 60,000. Nipange vipi?"

Ndugu yangu, jumla yako ni shilingi 380,000, lakini wastani wake usikudanganye, kwa kuwa miezi minne kati ya sita iko chini yake. Kila malipo yaingie katika akaunti moja, na siku hiyohiyo utenge asilimia 15 kwa ajili ya kodi. Asilimia 5 ambayo mteja hukata kabla ya kukulipa haimalizi deni lako la kodi; omba cheti chake, kisha uidai unapowasilisha hesabu katika iTax kabla ya tarehe 30 Juni, pamoja na risiti za bando na vifaa.

Baada ya kodi hubaki 323,000. Ukijilipa 40,000 kila mwezi, utatumia 240,000, na 83,000 zitakuwa akiba ya kuziba miezi mikavu. Mwezi wa 30,000, kwa mfano, huacha 25,500 tu, hivyo utachota 14,500. Anza kuijaza kabla ya Aprili, maana msimu wa mvua hoteli za pwani hupunguza matangazo.

Fedha za ugonjwa au simu kuibwa zikae mbali na akiba hiyo, kwani mwezi mkavu si dharura, ni jambo la kutarajiwa. Kuhusu vifaa, mimi ningesubiri mpaka akiba ifikie mishahara miwili, kisha ninunue kile tu ambacho mteja amekwisha kukilalamikia, na mara nyingi huwa ni sauti, si kamera.