"Wastani" si maelezo: kwa mnaoanza kupima ripoti

Wadogo zangu, wiki hii nimeletewa rubriki tatu nizipitie, na zote zina mstari uleule: "Hoja imeungwa mkono na ushahidi: 1 hafifu, 2 wastani, 3 nzuri." Jamani, hayo ni majina ya ngazi, bado hamjaeleza ngazi zenyewe. Mpimaji akiwa na ripoti mkononi, neno "wastani" halimwonyeshi atafute nini kwenye ukurasa. Linamwachia asikilize moyo wake, na mioyo haifanani. Naliandika hili kwa sababu mstari huo niliwahi kuuandika mimi, na kuna mtu aliumia.

1. Mkikubaliana kwa mdomo, andikeni mlichokubaliana.

Nilikuwa nasimamia upimaji wa ripoti 60 za watu waliokuwa wanamaliza mafunzo ya kazi. Wapimaji walikuwa wawili, na kila mmoja alizipima zote peke yake. Walipomaliza nikalinganisha: walikuwa wamekubaliana kwenye ripoti 36, yaani asilimia 60. Nikaona si haba.

Sikuangalia jinsi alama zilivyogawanyika. Kila mmoja alikuwa ametoa 2 kwa ripoti 40, 1 kwa ripoti 10 na 3 kwa ripoti 10. Watu wawili wenye mgawanyo huo, hata kama wangegawa alama wakiwa wamefumba macho, wangetarajiwa kukubaliana kwenye nusu ya ripoti kwa bahati tu. Theluthi mbili mara theluthi mbili ni kama asilimia 44 kwa ngazi ya 2 peke yake, na ngazi mbili za pembeni zinaleta asilimia 6 hivi. Kapa, kipimo cha makubaliano ya wapimaji alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, inaondoa hiyo bahati kwanza:

```
(0.60 - 0.50) / (1 - 0.50) = 0.20
```

Sufuri ingemaanisha hawakuzidi bahati, na 1 ingemaanisha wamekubaliana kabisa. Sisi tulikuwa na 0.20, na mimi nilikuwa nimeridhika.

Kisha nikafanya kosa lenyewe. Niliitisha kikao tumalize zile ripoti 24 zenye utata. Mmoja wa wapimaji alikuwa na miaka mingi kazini, anaongea taratibu na sababu zake zinaeleweka, na mwenzake akawa anafuta alama na kuandika upya. Jioni tulikuwa tumekubaliana zote 60. Nikaandika kwamba wapimaji wameafikiana kikamilifu, nikaenda nyumbani na furaha. Hakuna hata sentensi moja ya mazungumzo yale iliyoingia kwenye rubriki.

Kundi la pili lilipokuja, yule mzoefu alikuwa likizo. Mpimaji mpya akapewa karatasi ileile yenye maneno yaleyale matatu. Mwanafunzi mmoja akapata 1 na kuambiwa arudie ripoti yake upya. Baada ya wiki kadhaa alikuja kwangu na ripoti mbili, yake na ya mwenzake wa kundi la kwanza aliyepata 2. Zote zilikuwa na hoja tatu. Zote zilikuwa zimeacha hoja ya tatu bila ushahidi. Akaniuliza, "Naomba unionyeshe tofauti iko wapi, nijifunze." Nilizisoma mara mbili nikiwa nimekaa mbele yake. Tofauti haikuwepo. Mzoefu wetu alikuwa na desturi ya kusamehe hoja moja ikiwa mbili nyingine zina nguvu, na mpimaji mpya hakuijua desturi hiyo. Hakuna kati yao aliyevunja kanuni, kwa sababu kanuni haikuwa imeandikwa. Nilirekebisha alama na kumwomba radhi, lakini wiki zile hazikurudi. Swali lake bado nalisikia kila ninapoona neno "wastani".

2. Anzeni na kitakachotokea baada ya alama. Sisi tulipokaa upya tulijiuliza alama inaamua nini. Kumbe tulikuwa na hatua tatu tu: ripoti inapita, inarudi kusahihishwa maandishi, au inarudi ili mwandishi akatafute data. Ngazi tatu zikajitokeza zenyewe. Mkiona ngazi mbili zinaishia kwenye hatua ileile, basi moja haina kazi.

3. Ngazi ya kati iwe na dalili yake. Hapa ndipo wengi wenu mnateleza. Mnaandika ya juu vizuri, ya chini vizuri, halafu ya kati mnasema "iko katikati". Hapo kila ripoti inayomtatiza mpimaji itatupwa 2, kama zile 40 zetu. Sisi tuliandika hivi:

Ngazi ya 3: kila hoja kuu ina ushahidi unaoweza kukaguliwa, na mwandishi ameeleza jinsi kila ushahidi unavyothibitisha hoja yake.

Ngazi ya 2: kila hoja kuu ina ushahidi unaoweza kukaguliwa, lakini angalau mmoja umewekwa tu bila kuelezwa unahusianaje na hoja.

Ngazi ya 1: angalau hoja kuu moja haina ushahidi unaoweza kukaguliwa.

Tazameni kwamba hakuna "kutosha" wala "vizuri" humo. Mpimaji anajibu maswali mawili kwa mpangilio. Kuna hoja isiyo na ushahidi? Kama ipo, ni 1. Kama haipo, kuna ushahidi usioelezwa? Kama upo, ni 2, la sivyo ni 3. Hakuna ripoti inayoweza kuangukia ngazi mbili, wala inayokosa pa kuangukia.

Mizani hii ina gharama. Ripoti yenye hoja tano ikikosa ushahidi wa moja, inapata 1 sawa na isiyo na ushahidi wowote. Tulijadili hilo tukalikubali, kwa sababu mwandishi wa kila moja lazima arudi kutafuta data. Kama alama zingekuwa za kupanga washindi, ningekataa maelezo haya.

4. Wape wengine mifano waipange. Patricia Smith na Lorne Kendall walieleza njia ya namna hii mwaka 1963, wao mifano ikirudishwa kwenye vigezo; sisi tunairudisha kwenye ngazi: chukua mifano halisi, ondoa alama, mpe mtu ambaye hakushiriki kuandika mizani airudishe kwenye ngazi anayoona inastahili. Mfano anaouweka kwenye ngazi tofauti na yenu una ujumbe kwenu. Sisi tulitumia aya 12. Tisa zilirudi mahali pake, na tatu zilizopotea zilipotelea mahali pamoja: msomaji wetu hakujua hoja "kuu" ni ipi. Tukaongeza sentensi moja, kwamba hoja kuu ni ile inayotajwa kwenye hitimisho la ripoti. Sentensi hiyo ilimaliza mabishano mengi kuliko kikao chetu cha jioni nzima.

5. Pimeni kigezo kimoja kwa ripoti zote kabla ya kwenda kingine, ili lugha nzuri isipandishe alama ya ushahidi. Na kila mtu apime peke yake kabla ya kusikia maoni ya mwenzake.

6. Rudisheni za zamani. Hata maelezo mazuri hulegea mikononi mwa mtu aliyechoka. Kila wiki mimi huchanganya ripoti tano zilizokwisha kupimwa na mpya, bila kumwambia mpimaji. Mwezi uliopita mbili kati ya tano zilirudi na 3 badala ya 2. Tulipokaa na mpimaji, aligundua mwenyewe kwamba alikuwa ameanza kuhesabu maneno "kama jedwali linavyoonyesha" kuwa ni maelezo ya uhusiano. Tumeongeza maneno hayo kwenye ngazi ya 2 kama mfano, na wiki hii ripoti zake 30 zinapitiwa tena.