Nimezoea, si kwamba nilikuwa nikifanya: kosa la “used to” lililoninyima zamu ya usiku

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: “Kaka, naomba unikagulie barua pepe hii kabla sijamtumia meneja. Amenitaka nieleze ratiba yangu na mazingira niliyozoea kufanyia kazi.” Barua ilikuwa ya sentensi nne tu, na katika zote nne neno “used” au “use” lilikaa mahali pasipo pake. Nilipoisoma nilisimama kidogo, kwa sababu sentensi yake ya pili ilifanana sana na ile niliyoiandika mimi miaka kadhaa iliyopita, nikaponzwa nayo.

Wakati ule nilikuwa mhudumu wa mitambo. Alikuja msimamizi mpya ambaye hakujua Kiswahili, naye akatuandikia sote akitaka kila mmoja aeleze kwa Kiingereza zamu anazoziweza, ili apange orodha ya usiku. Zamu ya usiku ilikuwa na posho, na mimi ndiye niliyekuwa nikiifanya kuliko mtu mwingine yeyote katika kikosi chetu. Nilijibu kwa uhakika kabisa: “I used to work at night and I used to handle the machines alone.” Kichwani mwangu nilikuwa nimesema: nimezoea kufanya kazi usiku, na nimezoea kuhudumia mitambo peke yangu. Msimamizi akajibu kwa maneno mawili ya shukrani. Orodha ilipobandikwa, jina langu lilikuwa chini ya zamu ya mchana, na zamu ya usiku alipewa kijana aliyekuwa na miezi michache kazini.

Nilinyamaza kwa wiki tatu, nikiamini nimeonewa. Nilipojikaza nikamuuliza, alifungua barua yangu kwenye kompyuta, akaigeuza skrini upande wangu, akanionyesha sentensi ile kwa kidole. “Uliandika mwenyewe kwamba zamani ulikuwa ukifanya kazi usiku,” aliniambia. “Nilidhani umeacha kwa sababu zako, ndiyo maana sikukusumbua.” Hakuwa amenionea. Alikuwa amesoma hasa kile nilichokiandika. Mpaka leo nikikumbuka kidole kile kwenye skrini, moyo unaniuma, maana barua ilikuwa yangu na hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa.

Chanzo cha kosa hili kwetu sisi ni neno “mazoea”. Shuleni tulifundishwa kwamba kiambishi “hu-” katika “mimi huamka saa kumi na moja” ni cha hali ya mazoea. Halafu tunacho kitenzi “kuzoea”, chenye mzizi uleule, tunachokitumia tunaposema “nimezoea kuamka mapema”. Masikioni mwetu mambo haya mawili ni ndugu. Kisha kipo kile cha tatu, “nilikuwa nikiamka mapema”, yaani desturi ya zamani. Kiingereza hakiyaweki matatu haya chungu kimoja, na mtu anayebeba “used to” kama kapu la kila kinachohusu mazoea lazima atateleza.

Tuanze na “used to” inayofuatwa na kitenzi cha kawaida, kama katika “I used to work at night”. Hii ni “nilikuwa nikifanya kazi usiku”. Inazungumzia desturi au hali ya zamani, na anayeisoma huchukulia kwamba jambo hilo limekoma, isipokuwa mwandishi aongeze maneno kama “and I still do”. Kipimo changu ni rahisi: baada ya sentensi ninaongeza kwa Kiswahili “lakini sasa sivyo tena”. Ikiwa nyongeza hiyo inasema kweli, ninaiacha “used to” mahali pake. Ikiwa inaniharibia maana, kama ambavyo ingeniharibia siku ile kama ningejua kuipima, ninaifuta.

Muundo huu hauna wakati uliopo. Hapo ndipo linapozaliwa lile kosa la pili, la kuandika “I use to start at 7” kwa maana ya “mimi huanza saa moja asubuhi”. Mtu hufikiri kwamba kama “used to” ni ya zamani, basi akiondoa “d” atapata ya sasa. Haipatikani. Kwa desturi ya sasa Kiingereza hutumia kitenzi katika wakati uliopo bila pambo lolote, “I start at 7”, au huongeza neno “usually”: “I usually start at 7”. Hiyo ndiyo “hu-” yetu. Ninapotaka kuandika ratiba yangu ya sasa, neno “use” haliingii popote, na nimelifanya hilo kuwa sharti.

Masikio nayo hayatusaidii. Katika matamshi, “used to” hutoka kama “yuustu”, ile “d” ikimezwa na “t” inayoifuata, hivyo “used to” na “use to” husikika sawa kabisa. Anayejifunza kwa kusikia hawezi kuijua tofauti mpaka aione imeandikwa. Neno “used” lenye maana ya “kutumiwa” hutamkwa tofauti, “yuuzd”, na maana hiyo nayo ina hatari yake nitakayoifikia hivi punde.

Je, “use to” bila “d” ni kosa siku zote? Hapana. Baada ya “did” na “didn't” kitenzi hurudi katika umbo lake la msingi, kama vile tunavyoandika “did you work” na si “did you worked”. Kwa hiyo andika “Did you use to work weekends?” na “We didn't use to have night shifts.” Utakuta watu wengi, hata wenye Kiingereza tangu utotoni, wakiandika “didn't used to”, lakini katika barua ya kazini shika ile isiyo na “d”. Ukiona wasiwasi, “never” hukuondolea mzigo wote, kwa kuwa haihitaji “did”: “We never used to have night shifts.” Mimi huitumia sana.

Sasa tufike kwenye ile niliyoihitaji siku ile, yaani “nimezoea”. Hii hutaka kitenzi “be” mbele yake na kitenzi chenye “-ing” nyuma yake: “I am used to working at night.” Wengi hukumbuka “am” wakasahau “-ing”, wakaandika “I am used to work at night”, na hapo sentensi huinama kuelekea ile maana ya kutumiwa, kana kwamba mtu ni chombo. Linganisha na “This machine is used to cut metal”, yaani mashine hii hutumika kukata chuma. Msomaji makini atakuelewa, lakini atakuwa amekusahihisha kichwani kwanza, na katika barua ya kueleza uwezo wako wa kazi hutaki asahihishe chochote.

Kwa nini “-ing”? Kwa sababu “to” hii si “ku-” yetu. Sisi tukiona “to work” tunaona “kufanya kazi”, na tunaposema “nimezoea kufanya kazi” mkono unataka kuandika “to work” wenyewe. Lakini “to” iliyo katika “used to working” ni kihusishi, na kihusishi hufuatwa na jina la kitu. Jaribu kuweka nomino mahali hapo: “I am used to noise”, nimezoea kelele. Sentensi inasimama. Kwa kuwa nomino inakaa vizuri, kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kivae vazi la nomino, na vazi lenyewe ni “-ing”. Sasa jaribu “I used to noise”. Inaanguka papo hapo, kwa sababu “to” ile nyingine hutaka kitenzi. Kama umewahi kumalizia barua pepe kwa “I look forward to hearing from you”, basi tayari unaijua “to” ya aina hii, na huandiki “to hear”.

Kitenzi “be” ndicho kinachobeba wakati. “I was used to working alone” ni “nilikuwa nimezoea kufanya kazi peke yangu”, ambayo si sawa na “I used to work alone”. Mtu anaweza kufanya kazi peke yake miaka mingi asiizoee hata siku moja. Na kama bado hujazoea lakini unaendelea kuzoea, weka “get” badala ya “be”: “I am getting used to the new hours.” Nawasihi muijue hii, kwa kuwa katika barua inayohusu mazingira ya kazi ndiyo njia ya kusema ukweli kwamba jambo ni gumu bila kuonekana unalikataa.

Nirudi kwa yule msomaji. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa “I use to start work at 7 every morning”, na kwa kuwa hiyo ni ratiba yake ya leo, tuliifanya “I usually start work at 7.” Ya pili, ile iliyonichoma, ilikuwa “I used to work without supervision.” Nilimwuliza kama bado anafanya kazi bila kusimamiwa, akajibu kwamba ndivyo afanyavyo kila siku, basi ikawa “I am used to working without supervision.” Ya tatu ilikuwa “I used to work in the store for three years.” Hapa alishangaa, kwa sababu ameshaondoka stoo na jambo ni la zamani kweli. Tatizo ni ile miaka mitatu. “Used to” haikai pamoja na muda uliopimwa wala idadi ya mara, ukishataja muda, wakati uliopita wa kawaida unatosha: “I worked in the store for three years.” Angetaka kuibakiza “used to”, angeondoa miaka. Ya nne, “Before, we didn't used to work on Sundays”, ilipunguziwa “d”, na “before” tukaiondoa kwa kuwa “use to” yenyewe imeshabeba zamani.

Kabla hajaituma nilimwomba anisomee tena sentensi ya pili kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama meneja wake atakavyoielewa. Akaandika: “Nimezoea kufanya kazi bila kusimamiwa.” Nikamwambia aitume.